Kipande kidogo kisichofutika: tabaka la mpaka na kazi ya kuoanisha

Tuanze na mlinganyo wenyewe, ambapo ε ni namba chanya iliyo ndogo sana:

```
ε y'' + y' + y = 0,    y(0) = 0,    y(1) = 1
```

Hapa y' ni kinyambuo cha kwanza, yaani mteremko wa mchoro, na y'' ni kinyambuo cha pili, yaani jinsi mteremko huo unavyobadilika. Kwa kuwa ε ni ndogo, mkono unawasha kukifuta kipande chake. Ukikifuta unabaki na y' + y = 0, ambao suluhisho lake ni y = C e^(-x). Sasa una C moja na masharti mawili ya kutimiza. Ukitimiza sharti la kulia unapata y = e^(1-x), ambalo upande wa kushoto linafika e, karibu 2.718, badala ya sifuri. Ukitimiza la kushoto, C inakuwa sifuri na suluhisho lote linakufa.

Kama ε ingezidisha y peke yake, kuifuta kungeleta kosa dogo tu. Lakini hapa inazidisha kinyambuo cha juu kabisa. Ukiifuta unaushusha mlinganyo daraja, na sharti moja linakosa pa kukaa. Ludwig Prandtl alikabili jambo hilihili mwaka 1904, katika mkutano wa wanahisabati huko Heidelberg, alipozungumzia mwendo wa majimaji yenye mnato mdogo sana. Ukiufuta mnato, majimaji yanateleza juu ya ukuta bila kizuizi, ilhali ukutani kwenyewe yanasimama. Prandtl alionyesha kwamba mnato, hata uwe mdogo vipi, unabaki na nguvu ndani ya tabaka jembamba linalogusa ukuta.

Kwenye mlinganyo wetu maana yake ni hii: lazima pawe na sehemu nyembamba ambamo y'' ni kubwa mno, kiasi kwamba ε y'' si ndogo tena. Sehemu hiyo iko wapi, na ina unene gani?

Tujaribu kushoto kwanza. Weka x = δX, ambapo δ ni unene tusioujua bado na X ni kipimo kipya cha kutazamia kwa karibu. Kipande cha kwanza kinapata ukubwa wa ε/δ², cha pili 1/δ, cha tatu 1. Tunataka cha kwanza kishindane na kingine huku kinachobaki kikiwa kidogo kuliko hivyo viwili. Ukikisawazisha na cha tatu unapata δ = √ε, lakini hapo cha pili kinakuwa 1/√ε na kuvimeza vyote viwili, kwa hiyo usawa huo ni wa uongo. Ukikisawazisha na cha pili unapata δ = ε. Hivyo viwili vinakuwa na ukubwa wa 1/ε na cha tatu ni kidogo kando yao. Huu unasimama. Kwa hatua ya kwanza mlinganyo wa ndani ya tabaka ni Y'' + Y' = 0, na ukitimiza Y(0) = 0 unapata

```
Y = A (1 - e^(-X)),    X = x/ε
```

Kwa nini tabaka lisiwe upande wa kulia? Ukiweka X = (1 - x)/ε, alama ya kinyambuo cha kwanza inageuka na unapata Y'' - Y' = 0. Suluhisho lake lina e^(X), na hiyo inalipuka kadiri unavyotoka kwenye tabaka kuelekea ndani ya eneo. Hakuna suluhisho la nje, yaani la nje ya tabaka kama e^(1-x), linaloweza kupokea kitu kinacholipuka hivyo, kwa hiyo kipande hicho kinatupwa na tabaka linatoweka. Alama ya kizidishi cha y' ndiyo inayoamua: kikiwa chanya tabaka hukaa kushoto, kikiwa hasi hukaa kulia.

Imebaki A, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Wanafikiri kwamba kwa kuwa unene wa tabaka ni ε, basi masuluhisho mawili yaunganishwe pale pale x = ε. Jaribu kwa ε = 0.01. La nje linatoa e^(0.99), yaani 2.691, na la ndani linatoa A(1 - e^(-1)). Ukiyasawazisha unapata A karibu 4.26. Mlinganyo huu una suluhisho kamili, kwa hiyo tunaweza kukagua: thamani ya kweli pale x = 0.01 ni 1.698. Ile 2.691 imekosea kwa karibu 0.99, na kosa hilo halipungui ukipunguza ε.

Sababu ni kwamba x = ε ni katikati ya tabaka, na huko suluhisho la nje halina haki ya kusema lolote. Kuoanisha ni kutafuta eneo ambamo yote mawili ni ya kweli kwa pamoja. Chukua x = √ε. Kwa la nje, x hiyo inakaribia sifuri, basi linatoa e. Kwa la ndani, X = 1/√ε, ambayo ni kubwa mno, basi linatoa A. Hivyo A = e. Hatukuhitaji √ε hasa. Umbali wowote ulio mkubwa mno kuliko ε, kiasi kwamba uwiano wake na ε unakua bila kikomo, na bado unaelekea sifuri ε inapopungua, unatoa jibu lilelile. Jibu likibadilika kulingana na mahali ulipochagua, ujue hujaoanisha.

Ili kupata fomula moja ya eneo lote, jumlisha masuluhisho mawili kisha toa e, ambayo imehesabiwa mara mbili:

```
y ≈ e^(1-x) - e^(1-x/ε)
```

Kwa ε = 0.01, pale x = 0.01 fomula hii inatoa 1.691 dhidi ya 1.698 ya kweli. Kwa ε = 0.1, pale x = 0.1 inatoa 1.460 dhidi ya 1.487. Hata 0.1, ambayo si ndogo sana, inavumilika.

Hatua ya pili, yaani kuongeza masahihisho yenye ukubwa wa ε, ina jambo moja linalotisha bila sababu. Nje unaongeza ε(1-x)e^(1-x). Ndani unaongeza εY1, ambapo

```
Y1 = -eX - eX e^(-X) + B (1 - e^(-X))
```

Kipande -eX kinakua bila kikomo, na mtu anaweza kudhani amekosea hesabu. Lakini kumbuka kimezidishwa kwa ε, na εX ni x tu. Kwa hiyo hicho ni -ex, yaani x mara mteremko wa e^(1-x) pale sifuri: la ndani linajifunza mwelekeo wa la nje. Ukiandika la nje kwa X na kubakiza hadi ε, unapata e + εe(1 - X). Ukilinganisha, B = e. Fomula ya pamoja inakuwa

```
y ≈ (1 + ε(1-x)) e^(1-x) - (1 + ε + x) e^(1-x/ε)
```

na kwa ε = 0.1, pale x = 0.1, inatoa 1.481. Kosa limeshuka kutoka karibu asilimia 2 hadi chini ya nusu asilimia.

Njia hii yote imetegemea kizidishi cha y' kuwa na alama moja eneo zima. Kikipita sifuri katikati, hoja ya kushoto au kulia inavunjika pale pale, tabaka linaweza kuhamia ndani ya eneo, na unene wake mara nyingi huwa √ε badala ya ε. Hapo inabidi usawazishaji wa vipande uanzwe upya, kuzunguka nukta hiyo.