Simu imejaa volyumu lakini spika inanong'ona: kuna volyumu mbili, sio moja

Spika au hedifoni ya blutuuthi huwa ina volyumu yake, na simu nayo ina yake. Chukulia tenki la maji juu ya nyumba: kuna koki ya kwenye tenki na koki ya jikoni, sasa hata ukifungua ya jikoni mpaka mwisho kama ya tenki iko robo maji yatachuruzika tu. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 6.0 la 2015 zinaunganisha koki hizo mbili ziwe mstari mmoja, yaani ukibonyeza kitufe simu haipunguzi mziki yenyewe, inaiambia spika namba kati ya 0 na 127 halafu spika ndo inajipanga. Hii ndo inaitwa "absolute volume". Ni nzuri zikielewana, ila kuna spika zinaipokea ile namba vibaya, mstari kwenye skrini umejaa na wewe unasikia kama redio ya jirani.

Wifi yangu ana saluni Sinza, akiwasha draya mziki wa spika yake ya blutuuthi unapotea kabisa. Nilichofanya kwanza nikaunganisha spika ileile na simu ya mteja, ikapiga mpaka barazani, kwahiyo spika nzima, shida iko kwenye simu yake. Nikaingia kwenye ikwalaiza ya ile app ya mziki, alikuwa amepandisha besi sana, na kuna app ukipandisha besi zinashusha sauti yote ili isikwaruze, nikaizima ikapanda kidogo lakini bado. Nikaangalia pia kwenye setingi za sauti kama kuna "Media volume limit" (sio kila simu inayo), ilikuwa imezimwa.

Hapo ndo nikaenda About phone, nikagonga Build number mara 7 mpaka Developer options ikafunguka, nikashuka hadi "Disable absolute volume" nikaiwasha. Kuwasha hapo maana yake unazitenganisha zile koki. Nikakata blutuuthi na kuunganisha upya, na kabla ya kuplay nikashusha simu mpaka chini, usiruke hiki hasa kama ni hedifoni maana spika inaweza kuwa imebaki juu na ikakupigia masikioni ghafla. Halafu nikabonyeza kitufe cha kujumlisha kwenye spika yenyewe mpaka ikalia ile biip ya mwisho, ndo nikapandisha simu taratibu. Mziki ukalishinda draya.

Kuanzia hapo inabidi azipandishe zote mbili kwa mkono, na akiunganisha hedifoni inayoelewana vizuri na simu ni bora airudishe ilivyokuwa. Ila kama simu ya mtu mwingine nayo ingetoa sauti ndogo kwenye spika ileile, hata baada ya kubonyeza kitufe chake mpaka mwisho, nisingegusa setingi hata moja, hapo ni spika.