Kinyongo cha hela iliyoliwa na rafiki: dhana potofu na ukweli

Mama mmoja ninayemfahamu, muuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba jijini Mwanza, alimkabidhi rafiki yake wa miaka 9 shilingi 2,400,000. Rafiki aliongeza kiasi hichohicho, akavuka kwenda Ukerewe kununua mzigo wa pamoja, na aliporudi akasema mvua iliwakuta dagaa wakiwa bado vichanjani, wakaoza wote. Baada ya wiki 2 mpagazi mmoja akaropoka kwamba magunia yalifika salama na yakauzwa siku ileile. Sasa ni mwaka wa pili, na mama huyu bado huamka saa tisa usiku akigombana na mtu ambaye hayumo chumbani.

Dhana: Hasira hupungua ukiitoa. Toa donge lako, paza sauti, simulia mpaka moyo utulie.

Ukweli: Hii ndiyo dhana inayowadhuru wengi, kwa kuwa nafuu yake ya dakika chache huonekana kama tiba. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman aliwapa watu waliokuwa wameudhiwa mfuko wa kupigia ngumi. Waliopiga huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira kubwa kuliko wale waliokaa kimya bila kufanya lolote. Mwaka 2024, yeye na Sophie Kjærvik walichambua tafiti zaidi ya 150 na kuona kwamba kinachopunguza hasira ni kuutuliza mwili, kwa mfano kupumua taratibu na kulegeza misuli, wala si kuuchemsha.

Mama yetu alikuwa akiisimulia habari hii karibu kila asubuhi kwa wenzake wa meza za jirani, nao kwa nia njema walimwitikia, "Huyo alikudhulumu kabisa!" Kila aliposimulia, mapigo ya moyo yalikwenda mbio kana kwamba mpagazi ndiyo kwanza anaropoka. Hali ilikuwa mbaya zaidi siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inapopumzika na mikono haina kazi, kwa sababu hapo akili hucheua jambo lilelile kama ng'ombe aliyelala kivulini.

Si kwamba anyamaze. Kusimulia kunasaidia pale ambapo simulizi inasogea, yaani inapofika kwenye jambo ambalo jana halikuwamo. Alama ya kucheua ni swali lisilo na jibu, "Kwa nini mimi?", linalorudi kwa maneno yaleyale. Watafiti Ethan Kross na Özlem Ayduk wameonyesha kwamba anayelitazama tukio kwa mbali, kama mtu aliyesimama kando akiwaangalia watu wawili, huchemka kidogo kuliko anayelirudia kana kwamba yumo ndani yake. Mama huyu aliandika kisa chote katika daftari kwa kujiita "yule mama": alitoa kiasi gani, siku gani, nani alikuwapo, aliambiwa nini. Ukurasa wa pili ulipofika ndipo akaandika jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, kwamba dada yake alimwonya mapema naye akamjibu vibaya.

Dhana: Akirudishiwa hela, kinyongo kitakwisha.

Ukweli: Rafiki alirudisha shilingi 900,000, na wiki ile hasira ilipanda. Nadhani sababu iko kwenye lile daftari. Hela ilikuwa hasara moja tu, na chini yake kulikuwa na urafiki wa miaka 9, aibu mbele ya dada, na hasira dhidi yake mwenyewe kwa kuamini hadithi ya mvua. Malipo hayakugusa hata moja kati ya hayo. Hata kisasi hakigusi: katika majaribio ya Kevin Carlsmith na wenzake mwaka 2008, waliopewa nafasi ya kumwadhibu aliyewasaliti waliendelea kumfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakuipata nafasi hiyo.

Dhana: Ukisamehe, umefuta deni.

Ukweli: Haya ni mambo mawili tofauti, na la tatu ni kurudiana. Mtu anaweza kuachilia kinyongo, akaendelea kudai shilingi 1,500,000 zilizobaki, na asishirikiane tena na mdeni wake kibiashara. Kwa Tanzania Bara, madai ya mkataba kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa, kwa hiyo anayeogopa kutulia asije akapoteza haki yake bado ana muda. Mama yetu aliomba maandishi yenye kiasi, tarehe za kulipa na sahihi mbele ya mashahidi 2, akayapata.

Lipo jambo ambalo daftari haliliwezi. Mtu aliyekosa usingizi kwa wiki nyingi, anayekunywa pombe ili alale, au aliyeanza kupanga namna ya kumdhuru mwenzake au kujidhuru, anahitaji daktari, na hospitali ya Bugando ina idara ya afya ya akili. Mama huyu hakufika huko. Saa tisa usiku bado huamka mara mojamoja, hasa mbalamwezi ikiwa kamili, lakini anasema sasa hulala tena kabla adhana ya alfajiri haijasikika.