Kilomita kwa Lita: Kwa Nini 17 Inaweza Kuishinda 18

"Nataka kununua gari ya mtumba kutoka Japani. Moja ni ya 2007, imeandikwa kilomita 18 kwa lita. Nyingine ni ya 2019, imeandikwa kilomita 17 kwa lita. Injini zote ni cc 1300. Mbona fundi wangu wa Mwanakwerekwe anashikilia kuwa hii ya 17 ndiyo inayokula kidogo?"

Huenda fundi wako ana haki, lakini kuna jambo moja ambalo lazima ulihakikishe kabla ya kutuma pesa: namba hizo zilitoka kwenye kipimo gani.

Namba ya mafuta inayoandikwa kwenye tangazo haikupatikana barabarani. Gari hupandishwa juu ya rola ndani ya chumba, magurudumu yakazunguka papo hapo, na dereva akafuata mstari wa mwendo anaoonyeshwa kwenye skrini: hapa ongeza, hapa simama, hapa punguza. Mstari huo ndio kipimo chenyewe. Ukiubadilisha, gari ile ile, injini ile ile, inatoa namba nyingine. Na Wajapani wameubadilisha mara mbili katika umri wa gari zinazoteremshwa leo bandarini Malindi.

Gari ya 2007 karibu hakika ilipimwa kwa mtindo unaoitwa 10-15. Huo ulikuwa mpole sana kwa gari. Safari nzima ilikuwa kilomita 4 na kidogo tu, kwa dakika 11, mwendo wa juu kabisa kilomita 70 kwa saa, na kuongeza mwendo taratibu kama mtu aliyebeba trei ya mayai kwenye kiti cha nyuma. Kubwa zaidi, injini ilikuwa imeshapashwa moto kabla ya kuanza. Anayeendesha gari anajua kuwa dakika za mwanzo asubuhi, injini ikiwa baridi, ndizo zinazomeza petroli kuliko zote. Mtindo wa 10-15 uliziacha nje kabisa.

Kuanzia 2011 kipimo rasmi kikawa JC08. Safari ikawa ya kilomita 8, dakika 20, mwendo ukafika kilomita 81 kwa saa, kuongeza na kupunguza mwendo kukawa kwa ghafla zaidi, na robo ya hesabu ikatoka kwenye safari iliyoanza na injini baridi. Kisha kuanzia Oktoba 2018 aina mpya za gari zikaanza kulazimika kupimwa kwa WLTC: kilomita 15, dakika kama 25, mwendo hadi kilomita 97 kwa saa, na injini inaanza baridi. Kila hatua ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia, kwa hiyo kila hatua ilishusha namba.

Ili uone ukubwa wa jambo hili, chukua Toyota Prius ya kizazi cha tatu, ile ya cc 1800 iliyotoka 2009. Kwa 10-15 katalogi ya Japani iliiandikia kilomita 35.5 kwa lita kwa daraja za S na G. Kwa JC08 gari hizo hizo zikawa kilomita 30.4. Uingereza, kwa kipimo cha Ulaya cha wakati ule kinachoitwa NEDC, Prius ya kizazi hicho ilitangazwa kwa 72.4 mpg, yaani maili kwa galoni, ambayo ni kama kilomita 25.6 kwa lita. Marekani, ambako kipimo kinaingiza mwendo mkali, baridi, na hata kiyoyozi kikiwa kimewashwa, ikapewa 50 mpg, yaani kilomita 21 na kidogo. Gari ni moja. Kati ya namba ya juu na ya chini kuna kilomita 14 kwa kila lita.

Hapo kwenye mpg pana mtego unaowanasa watu wanaoagiza gari Uingereza, na wanaoagiza huko ni wengi kwa sababu usukani uko kulia kama wetu. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Namba ya Uingereza izidishe kwa 0.354 upate kilomita kwa lita, ya Marekani izidishe kwa 0.425. Ukisoma maoni ya Mmarekani kuhusu gari ya aina ile ile unayoitaka ukayalinganisha na tangazo la Mwingereza bila ya kufanya hesabu hiyo, utadhani mmoja wao ameuziwa gari mbovu.

Sasa turudi kwenye gari zako mbili. Zilete kwenye kipimo kimoja. Kwa gari ndogo ya petroli isiyo haibridi, kushuka kutoka 10-15 kwenda JC08 huwa kama sehemu moja ya kumi. Kutoka JC08 kwenda WLTC namba hushuka tena, lakini hapa gari hutofautiana. Mazda CX-3 ya petroli ya 2017 ilikuwa na kilomita 17.0 kwa JC08 na 16.0 kwa WLTC, tofauti ndogo tu. Haibridi huanguka zaidi, na hiyo Prius umeshaiona ilivyoanguka hata kabla ya kufika WLTC. Mimi hutumia sehemu moja ya kumi tena kama makadirio, nikijua ni makadirio. Kwa hiyo 18 ya gari ya 2007 inakuwa kama 16.2 kwa JC08, na kama 14.6 kwa WLTC. Ukiiweka 14.6 pembeni ya 17, fundi ameshinda kwa mbali.

Lakini ameshinda iwapo tu hiyo 17 ni ya WLTC. Gari nyingi za 2018 na 2019 zina namba mbili kwenye katalogi, ya JC08 na ya WLTC, na muuzaji huchukua ile inayopendeza. Ikiwa 17 ni ya JC08, kwa WLTC inaweza kushuka hadi kama 15.3, na gari zako mbili zinakaribiana sana. Mwaka wa gari peke yake haukutoshi. Mwombe wakala akutumie picha ya ukurasa wa katalogi wenye herufi hizo. Herufi WLTC na JC08 huandikwa hivyo hivyo hata katikati ya maandishi ya Kijapani, kwa hiyo huhitaji kujua lugha yao. Ukiona neno WLTC, tazama pia chini yake: kuna namba tatu ndogo, ya mjini, ya pembezoni mwa mji na ya barabara kuu.

Hiyo ya mjini ndiyo mali yetu. Kwenye ile CX-3 jumla ilikuwa 16.0, lakini mjini ilikuwa 12.2. Sehemu hiyo ya kipimo ina wastani wa kilomita 19 kwa saa, kusimama na kuondoka, na ndiyo inayofanana na Darajani saa mbili asubuhi, au Amani wakati wa kutoka kazini. Anayekwenda Nungwi na kurudi kila siku anaweza kuegemea namba ya pembezoni. Wa Pemba anayepanda na kushuka vilima kati ya Chake Chake na Wete asitegemee namba yoyote kati ya hizo moja kwa moja, kwa sababu rola za chumbani hazina vilima.

Tuseme gari yako ya 2019 imeandikwa 17 kwa WLTC na 13 kwa mjini. Mjini imebaki na kama asilimia 76 ya jumla. Ukiikata ile ya 2007 kwa kiasi hicho hicho, 14.6 inakuwa kama 11.1. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi mjini, ya 2007 itakunywa lita 90 na ya 2019 lita 77. Tofauti ni lita 13 kwa mwezi. Ungefuata matangazo tu, ungetarajia ya 2007 ndiyo ikuokolee lita 3.

Kuna kitu kimoja ninachokipunguza kwenye hesabu hiyo, na wauzaji hawakitaji. Vipimo vyote vya Japani nilivyovitaja hufanywa kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Kwa joto la Unguja, hasa miezi ya kaskazi, hakuna anayeendesha hivyo. Kiyoyozi kinazidhuru gari zote mbili, ila mpya kinaidhuru kwa njia ya pili: gari nyingi za miaka hiyo zina mfumo wa kuzima injini zenyewe kwenye foleni, na sehemu ya namba nzuri ya mjini imetokana na mfumo huo. Kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi kwa nguvu, injini mara nyingi haizimiki, au huzimika kwa sekunde chache ikawaka tena. Betri yake ya asili ikichoka nayo ikabadilishwa kwa betri ya kawaida ya bei nafuu, mfumo unaweza kukataa kabisa. Kwa hiyo lita 13 mimi ningeziandika 10.

Ukitaka kujua kama makadirio haya yanakaribia ukweli, tafuta mtu mwenye gari ya aina hiyo hapa hapa kisiwani, umwombe apime. Ajaze tenki mpaka pampu ikate yenyewe, arudishe kihesabu cha safari kwenye sifuri, atembee siku zake za kawaida kilomita 300 hivi, kisha arudi kwenye sheli ile ile, pampu ile ile, ajaze mpaka ikate tena. Kilomita zigawanywe kwa lita za mara ya pili. Namba ya kwenye dashibodi asiitegemee, mara nyingi hujipendelea. Na kama gari imetoka Uingereza, kihesabu chake kinasoma maili, basi azidishe kwa 1.609 kwanza. Nimeona mtu akiilaumu injini nzima wakati kosa lilikuwa hilo tu.

Baada ya hapo ni hesabu ya mfukoni. Lita 10 kwa mwezi ni lita 120 kwa mwaka. Zizidishe kwa bei ya petroli iliyotangazwa na ZURA mwezi huu, kisha kwa miaka unayotarajia kukaa na gari. Jumla hiyo ilinganishe na tofauti ya bei ya gari zako mbili zikiwa zimeshalipiwa ushuru na kutoka bandarini. Kwa kilomita 1,000 kwa mwezi, ya 2019 itachukua miaka mingi kurudisha pesa uliyoiongeza, na kama hiyo ndiyo sababu yako pekee ya kuitaka, ile ya 2007 iliyotunzwa vizuri bado ni chaguo la haki. Kwa mwenzako wa teksi anayetembea kilomita 4,000, akiba hiyo ni mara nne, na hapo ningemwambia aifuate ya 2019.