Nenosiri Kuu la Thunderbird: linafunga nini, linaacha nini wazi

Chukua kompyuta yako mwenyewe, fungua programu ya barua pepe ya Thunderbird, bofya mistari mitatu ya menyu, ingia Settings, kisha Privacy & Security, halafu bofya Saved Passwords. Utaona orodha ya akaunti zako. Chini yake kuna kitufe kimeandikwa Show Passwords. Kibofye. Kama hujawahi kuweka nenosiri kuu, yaani nenosiri moja la kufunga nywila nyingine zote, kulingana na toleo ulilonalo utaulizwa tu kama una uhakika, au utatakiwa kuweka nywila ya Windows, na papo hapo nywila zako zote zitajipanga mbele yako kwa herufi zinazosomeka. Watu wengi niliowaonyesha jambo hili walishtuka, maana walidhani kitu kilichohifadhiwa ndani ya programu kimekwisha kufungwa.

Dhana: "Thunderbird huzisimba nywila kwa fumbo, kwa hiyo ziko salama."

Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ni kweli. Ndani ya folda ya wasifu wako, ambayo unaifikia kupitia Help na kisha Troubleshooting Information, kuna faili linaitwa `logins.json`. Ukilifungua kwa programu yoyote ya maandishi utakuta mistari ya namna hii:

```
"hostname":"imap://mail.example.com",
"encryptedUsername":"MDIEEPgAAAAA...",
"encryptedPassword":"MDoEEPgAAAAA..."
```

Jina la seva linasomeka, lakini jina la mtumiaji na nywila vimesimbwa. Ufunguo wa kulifumbua fumbo hilo umehifadhiwa kwenye faili jingine, `key4.db`, na faili hilo liko folda ileile. Ni sawa na kufunga mlango ukaacha ufunguo kwenye kitasa. Mtu akinakili faili hizo mbili kwenye flashi, akaziweka kwenye wasifu wa Thunderbird ya kompyuta yake, zinafunguka. Lile swali la nywila ya Windows halimzuii, kwa sababu hulinda kitufe cha kuonyesha nywila tu, haligusi faili zenyewe.

Hapo ndipo nenosiri kuu linapofanya kazi. Ukiweka alama kwenye Use a Primary Password, ufunguo ulio ndani ya `key4.db` nao unafungwa, na kinachoufungua ni maneno uliyoyachagua wewe. Mwizi wa faili sasa anabaki na kazi ya kubahatisha. Tatizo ni kwamba akiwa nazo kwake hakuna wa kumwambia amejaribu mara nyingi mno. Anaweza kuiachia kompyuta ibahatishe usiku kucha. Kwa hiyo jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa halitoshi. Weka maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo wewe peke yako unajua kwa nini umeyapanga hivyo.

Dhana: "Dirisha linaniuliza nywila ya barua pepe."

Kosa hili ndilo linalowatesa watu kuliko yote, na naona uchungu kila nikilikuta. Mhasibu mmoja niliyemsaidia alikuwa na akaunti mbili ndani ya Thunderbird: ya ofisi na yake ya Gmail. Aliyemwandalia kompyuta alikuwa amemwekea nenosiri kuu. Asubuhi moja dirisha likatokea, akaandika nywila ya Gmail. Ikakataliwa. Akaandika ya ofisi. Ikakataliwa. Akaenda Google akabadilisha nywila, akarudi, ikakataliwa tena. Kufikia hapo aliamini kabisa kwamba ameibiwa akaunti.

Dawa ni kusoma maneno ya dirisha lenyewe. Likisema Please enter your Primary Password bila kutaja anwani yoyote, linataka nenosiri kuu, lile lililowekwa kwenye kompyuta hiyo. Halijulikani Google wala kwa mwenye seva ya ofisi, na kubadilisha nywila huko hakulibadilishi. Dirisha la nywila ya akaunti hutaja anwani yako pamoja na seva inayoiomba. Matoleo ya zamani yaliliita Master Password, na dirisha lake lilitaja Software Security Device, hata wengine wakaanza kutafuta kifaa cha kuchomeka. Hakuna kifaa, hilo ni jina tu la hifadhi ya funguo iliyo ndani ya programu.

Kwa upande wa Gmail kuna jambo jingine la kujua. Ukitazama orodha ya Saved Passwords, mstari wake mara nyingi huanza na `oauth://accounts.google.com`. Ukibofya Show Passwords hapo hutaona nywila ya Gmail, bali mfuatano mrefu wa herufi. Hiyo ni tokeni, kibali ambacho Google imeipa Thunderbird ulipoingia mara ya kwanza. Usiidharau kwa kuwa si nywila: mwenye tokeni hiyo ana njia ya kufikia barua zako. Kompyuta ikiibwa, ingia kwenye akaunti yako ya Google ukaifute ruhusa ya Thunderbird.

Dhana: "Bila nenosiri kuu hakuna anayeweza kusoma barua zangu."

Dirisha likitokea, bofya Cancel uone. Thunderbird inafunguka. Itashindwa kuvuta barua mpya, lakini zilizokwisha kushushwa kwenye diski zinasomeka zote, kwa sababu zimehifadhiwa kama maandishi ya kawaida. Nenosiri kuu hulinda nywila, halilindi barua. Anayetaka kulinda barua asimbe diski nzima, kwa BitLocker kwenye Windows, FileVault kwenye Mac au LUKS kwenye Linux. Tena nenosiri kuu huulizwa mara moja tu hadi utakapoifunga programu, kwa hiyo ukienda chakula cha mchana ukiacha Thunderbird wazi, funga skrini.

Dhana: "Nikilisahau, barua zangu zimepotea."

Hazijapotea. Kinachopotea ni nywila zilizohifadhiwa, na hakuna fundi anayeweza kukurudishia nenosiri lenyewe kwa sababu halijaandikwa popote. Kwa yule mhasibu tulibofya Cancel, tukafungua Tools, Developer Tools, kisha Error Console, tukaandika mstari huu na kubonyeza Enter:

```
openDialog("chrome://pippki/content/resetpassword.xhtml")
```

Likatokea dirisha la onyo, tukabofya Reset. Orodha ya Saved Passwords ikawa tupu. Tulipovuta barua, Gmail ilifungua ukurasa wa kuingia wa Google, akaweka nywila yake mpya, ikakubali. Nywila ya ofisi hakuwa anaikumbuka, ikabidi msimamizi wa seva ampe nyingine. Barua zake zote za miaka zilikuwa palepale.

Kabla ya kubofya Reset, lakini, jiulize kama unatumia OpenPGP, njia ya kusimba barua zenyewe kwa fumbo, ndani ya Thunderbird. Funguo zako za siri za OpenPGP zinalindwa na kauli ya siri iliyo kwenye faili `encrypted-openpgp-passphrase.txt`, na faili hilo nalo hufunguliwa na `key4.db`. Ukifuta nenosiri kuu kwa njia hii, kauli hiyo haifunguki tena, na barua ulizotumiwa kwa fumbo hutaweza kuzisoma. Anayetumia OpenPGP aingie OpenPGP Key Manager leo, akiwa bado anakumbuka kila kitu, afungue menyu ya File, achague Backup Secret Key(s) To File, aipe nakala hiyo nywila yake yenyewe, kisha aiweke nje ya kompyuta hiyo.