Bibi amepooza: abaki nyumbani au aende kituo cha wazee? Dhana potofu na ukweli

Bibi akiruhusiwa kutoka hospitali baada ya kiharusi, upande mmoja umelala na hawezi kujigeuza, familia huitana kikao. Wengi hulumbana kuhusu aibu na radhi. Ni wachache wanaouliza nani ataamka saa nane usiku, na kwa mgonjwa wa namna hii hilo ndilo linaloamua.

Dhana: Tukishindwa, makazi ya wazee ya serikali yapo.

Kwa Tanzania bara, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaiweka familia mbele katika kumtunza mzee. Makazi kama ya Nunge, Kigamboni, yanalenga wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza. Bibi mwenye watoto watano na wajukuu hakulengwa hapo. Kinachobaki ni vituo vya kulipia, na navyo ni vichache na viko mijini. Nairobi kuna chaguo zaidi, kwa mwenye uwezo.

Dhana: Anayempenda atamtunza vizuri.

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Mtu asiyeweza kujigeuza akilalia mfupa muda mrefu, damu haifiki kwenye nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro, na kidonda huanzia ndani kabla ngozi haijapasuka. Sehemu za kuchungulia kila siku ni juu ya makalio, nyonga na visigino.

Vipeperushi vingi husema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tumia mkono: gusa kisigino kimoja, kisha cha pili. Kilicho na joto zaidi, kigumu au chenye kutepeta, au chenye weusi uliozidi wa jirani yake, tayari kimeanza. Usipachue wala kupasugua. Ondoa uzito hapo, na mwite muuguzi ngozi ingali nzima.

Kinga ya kawaida ni kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, ingawa muuguzi anaweza kubadili muda huo kulingana na godoro na hali ya ngozi. Asilazwe ubavu kamili, maana nyonga ndiyo itakayobeba uzito. Mwegemeze kidogo, mto ukiwa nyuma ya mgongo. Mto mwingine uwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Glavu zilizojazwa maji chini ya kisigino na mto wa duara wenye tundu haviziondoi shida. Mto huo hubana damu kwenye kingo zake.

Sasa piga hesabu. Kila saa mbili ni mara 12 kwa siku. Mjukuu akimgeuza saa nne usiku kabla ya kulala, ataamka tena saa sita, saa nane na saa kumi, kisha saa kumi na mbili kumekucha. Usiku mmoja anaweza. Mwezi mzima, huku mchana akifua mashuka na kumlisha bibi, hawezi, hata ampende vipi. Ataanza kuruka zamu ya saa nane, na kidonda kitafuata. Watu wawili wakigawana usiku, mambo hubadilika kabisa. Godoro la hewa husaidia, lakini halifuti kazi ya kugeuza.

Dhana: Nyumbani ni bure.

Nepi nne kwa siku ni 120 kwa mwezi. Ongeza sabuni, maji, na mshahara wa yule aliyeacha kazi, ambaye kwa kawaida ni binti au mkamwana. Kaka wa mjini anayetuma hela ya nepi tu hajalipia usiku.

Dhana: Kituoni kuna wataalamu, basi tumemaliza.

Uzuri wa jengo haumgeuzi mtu. Uliza usiku kuna wahudumu wangapi na wanalinda wazee wangapi. Omba kuona karatasi wanayojaza kila wanapomgeuza mgonjwa. Ikiwa haipo, au saa zote zimejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, umeshajibiwa. Baada ya kumwacha bibi, fika bila kutoa taarifa, na ukifika funua shuka uguse visigino.

Dhana: Bibi haongei tena, tuamue sisi.

Kiharusi kinaweza kuchukua maneno na kuacha akili. Zima redio, kaa mbele ya uso wake, muulize jambo moja la ndiyo au hapana, akujibu kwa kukubana kidole. Wapo wanaokubali kila kitu, kwa hiyo geuza swali: "Bibi, unataka kubaki hapa?" na baadaye, "Bibi, unataka kwenda kule?" Akibana yote mawili, mwache apumzike, umuulize tena kesho asubuhi akiwa hajachoka.