Akiba ya chama si pesa iliyofichwa: maelezo ya mweka hazina kabla ya kura ya gawio

Ndugu wanachama, kabla hatujapiga kura, nataka tumalize neno moja ambalo nimelisikia kutoka Bahati hadi Molo. "Chama kina akiba ya mamilioni, mbona mnatupa shilingi 12 kwa hisa?" Juzi mzee mmoja alinifuata hadi kwenye stendi ya matatu kuniuliza hivyo hivyo. Nimelijibu swali hili miaka mitatu mfululizo, na leo nalijibu kwa hesabu.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Pesa unayoweka kila mwezi tunaiita akiba, na fungu ambalo sheria inatulazimisha kulitenga pia tunaliita akiba. Ya kwanza ni amana yako, deni ambalo wewe unakidai chama, nacho kina wajibu wa kulitunza na kukurudishia. Ya pili si ya mtu yeyote peke yake, wala haiko kwenye sanduku. Angalieni mizania: akiba ya kisheria imeandikwa upande ule ule wa mtaji na madeni, siyo upande wa mali. Inaeleza tu kwamba sehemu fulani ya mali ya chama imetokana na ziada za miaka iliyopita ambazo hatukuzila. Pesa zenyewe ziko shambani Njoro, kwenye pikipiki, kwenye karo za watoto. Ndizo mikopo yenu.

Sasa ziada ya mwaka huu. Baada ya kodi, na baada ya kulipa riba ya amana zenu, tumebaki na shilingi 6,000,000. Kanuni za SASRA, mdhibiti wa vyama vya akiba na mikopo kama chetu, zinataka asilimia 20 iende akiba ya kisheria kwanza, yaani 1,200,000. Hilo halipigiwi kura. Kwenye 4,800,000 zilizobaki, tunapendekeza gawio la shilingi 12 kwa hisa 200,000 tulizo nazo, jumla 2,400,000. Marupurupu ya kamati na elimu ya wanachama ni 400,000, na 2,000,000 zinabaki chamani.

Wapo wanaotaka shilingi 20 kwa hisa. Hebu tuifuate hesabu yao. Mali yote ya chama ni milioni 150, na kanuni zinataka tuwe na angalau asilimia 8 ya hiyo, yaani milioni 12, kwa akiba na ziada zilizobakizwa pekee, bila kuhesabu hisa zenu. Tuliingia mwaka huu tukiwa na milioni 10.6. Kwa pendekezo letu tunafika 13.8. Kwa shilingi 20, tunafika 12.2.

Mtu atasema, basi tumevuka! Tumevuka kwa 200,000. Ukichelewa kulipa mkopo zaidi ya mwezi mmoja hadi miezi sita, kanuni zinatutaka tutenge asilimia 25 ya salio lake kama tahadhari ya hasara. Ukipita siku 360, tunatenga lote. Mkopo mmoja wa 800,000 wa mkulima ambaye mahindi yamemwangusha misimu miwili unatosha kutushusha hadi 11.4. Hapo mdhibiti anaingia, na gawio la mwaka ujao linakuwa mashakani. Hasara hiyo isipopata akiba ya kuimeza, itaanza kula hisa zenu, na baada ya hisa ni amana. Mimi sitaleta pendekezo la namna hiyo mbele yenu.

Mengine ni ya haraka. Gawio halihesabiwi kwenye amana. Mwenye amana ya laki tatu na hisa 500 analipwa gawio la hisa 500: shilingi 6,000, ukiondoa kodi ya asilimia 5 tunayoipeleka KRA, mkononi 5,700. Riba ya amana iko kwenye mstari wake tofauti wa taarifa yako. Isome kabla ya kunipigia simu.

Na nyinyi mnaokimbilia kununua hisa mwishoni mwa mwaka mkitarajia gawio kamili: tunahesabu miezi. Mwaka wetu unafungwa Desemba, kwa hiyo hisa 100 zilizonunuliwa Oktoba mosi zimekaa miezi mitatu kati ya 12, na zinapata shilingi 300, siyo 1,200. Ukitaka lote, nunua Januari. Bora zaidi, mwambie karani leo gawio lako ligeuzwe kuwa hisa. Fomu ziko meza ya mbele, karibu na mlango.

Hoja iliyo mbele yenu ni shilingi 12 kwa hisa. Anayetaka kiwango kingine asimame, na atuambie milioni 12 zitabakije.