Barua kwa wazazi: kuchanganya lugha si kuchanganyikiwa

Wazazi na walezi wa darasa la pili,

Salamu. Katika kikao chetu kilichopita mzazi mmoja alisema ameamua kupiga marufuku Kiswahili nyumbani, ili mwanawe abaki na Kiingereza peke yake na akili yake itulie. Wengine waliitikia kwa kichwa. Muda ulikuwa umekwisha, sikupata nafasi ya kumjibu vizuri, ndiyo maana naandika.

Nadhani neno lenyewe linatuponza. Kuchanganya na kuchanganyikiwa yametoka shina moja, kwa hiyo tukisikia mtoto "anachanganya lugha" tunaona tayari kachanganyikiwa. Lakini anayechanganya ana vitu viwili mkononi na anavitumia pamoja, na aliyechanganyikiwa hajui kipi ni kipi. Wanaisimu wana jina la jambo hili la kwanza: kuchanganya ndimi, au kuchanganya msimbo. Maana yake ni kutumia lugha mbili ndani ya mazungumzo mamoja, hata ndani ya sentensi moja. Watu wazima wanaozijua lugha zote mbili hufanya hivyo kutwa nzima.

Tuchukue sentensi niliyoletewa juzi wakati wa mapumziko: "Mwalimu, amenipushi! Mwambie asinipushi tena."

Ukisikia haraka, utasema Kiswahili kimeharibika. Hebu tuipasue. Katika "amenipushi" kuna a- ya mtendaji, -me- ya jambo lililokwisha kutendeka, -ni- ya aliyesukumwa, ndipo shina la Kiingereza likapachikwa mahali pa "sukuma", na mwishoni irabu, kwa kuwa neno la Kiswahili halipendi kuishia na konsonanti. Viungo vyote vimekaa kwa mpangilio wake. Sijawahi kusikia mtoto akisema "meanipushi".

Sasa tazama "asinipushi". Kama ni "sukuma", tungesema "asinisukume", a ya mwisho inageuka e. Mtoto hakusema "asinipushe". Ameliacha neno na irabu yake, kama tunavyofanya kwa vitenzi tulivyovipata kutoka Kiarabu: asinijibu, asinisamehe. Yaani, bila kufundishwa na mtu, mtoto wa miaka 7 ameliweka neno geni kwenye kundi la vitenzi vya kukopa. Mimi mwenyewe sikuijua kanuni hiyo kwa jina mpaka nilipokuwa chuoni.

Mwanaisimu Mmarekani Carol Myers-Scotton alichunguza mazungumzo ya watu wa Nairobi waliokuwa wakichanganya Kiswahili na Kiingereza, na mwaka 1993 akaeleza kwamba katika sentensi za namna hii lugha moja hutoa kiunzi, yaani mpangilio na viambishi, na nyingine huleta maneno ya kujazia. Mtoto wetu alitumia kiunzi cha Kiswahili. Angekuwa amechanganyikiwa, kiunzi ndicho kingevunjika kwanza.

Mtaniuliza: je, anajua kwamba hizo ni lugha mbili? Miaka ya 1990, huko Montreal, Kanada, Fred Genesee na wenzake waliwafuatilia watoto wa umri wa miaka 2 hivi ambao mzazi mmoja alisema nao Kifaransa na mwingine Kiingereza. Watoto walichanganya, lakini lugha ya mama waliitumia zaidi wakiwa na mama, na ya baba wakiwa na baba. Asiyezitofautisha lugha hawezi kuchagua kulingana na anayemsikiliza. Jaribuni nyumbani: mleteni mgeni asiyejua lugha mojawapo, kisha msikilize jinsi mtoto anavyojirekebisha.

Sababu ya kuchanganya mara nyingi ni ndogo tu. Neno analolitaka linakuja haraka zaidi kwa lugha ile nyingine, au analijua kwa lugha hiyo tu. Mfano, mtoto mmoja nilimwonyesha picha 20. Kwa Kiswahili alitaja vitu 12, kwa Kiingereza 11. Ukipima kwa lugha moja utasema yuko nyuma. Ila vitu alivyovitaja kwa lugha zote mbili vilikuwa 6 tu. Kwa hiyo 12 na 11 ni 23, ukitoa 6 zilizojirudia, anajua majina ya vitu 17 kati ya 20. Ufagio na mwiko alivijua kwa Kiswahili, maana huviona nyumbani. Pembetatu aliijua kwa Kiingereza, maana alikutana nayo darasani. Msamiati wa mtoto wa lugha mbili huhesabiwa kwa kujumlisha, na daktari au mwalimu anayempima kwa lugha moja amepima nusu yake.

Hatari ninayoiona mimi iko kwenye ile marufuku. Mzazi anapoiacha lugha anayoimiliki na kujilazimisha ile asiyoiweza sana, mazungumzo hukauka. Hadithi inakuwa fupi, maswali ya "kwa nini" yanajibiwa kwa neno moja, zinabaki amri: njoo, kaa, kula. Mtoto anahitaji kusikia sentensi ndefu zenye sababu na masharti, na hizo mzazi huzitoa kwa wepesi katika lugha yake. Semeni naye lugha mnayoweza kugombana nayo na kutania nayo.

Akisema "amenipushi", hakuna haja ya kumkaripia wala kumlazimisha arudie. Jibuni tu: "Amekusukuma? Alikusukuma mkiwa wapi?" Neno amelipata, na maongezi yanaendelea. Kwenye insha mimi ni mkali zaidi, kwa sababu kuandika kwa lugha moja ni stadi inayofundishwa, na mtihani hausomwi na mama yake. Hapo hupigia mstari na kumwuliza Kiswahili chake. Akikikosa, nampa.

Nisiwafiche jambo moja. Kwa watoto wachanga, watafiti hawajakubaliana kama wazazi kuchanganya sana katikati ya sentensi kunapunguza kidogo kasi ya kujifunza maneno. Tafiti nyingine zimeona hivyo, nyingine hazikuona. Lakini kuchelewa maneno machache si ugonjwa wa lugha, na lugha mbili haziuleti.

Ugonjwa wa lugha wenyewe upo, na alama yake ni kwamba hujitokeza katika lugha zote mbili. Mtoto aliyefika miaka 2 na nusu haunganishi maneno mawili kwa lugha yoyote, haelewi maagizo rahisi hata kwa lugha aliyoizoea zaidi, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, huyo apimwe masikio kwanza, kisha aonwe na mtaalamu wa usemi. Msisubiri eti "ni zile lugha mbili, zitakaa sawa". Kisingizio hicho huchelewesha watoto wanaohitaji msaada kweli. Na mtaalamu akiwashauri muache lugha moja, mwulizeni amempima mtoto kwa lugha ngapi.

Zile picha 20 ninazo kwenye kabati la darasa. Mzazi anayetaka kumpima mwanawe kwa lugha zote mbili aje mchana baada ya masomo, tukae naye kama robo saa. Aje na mtu anayezungumza na mtoto zaidi nyumbani, hata kama ni bibi.

Wenu,
Mwalimu wa darasa la pili